Makaa Yaliyovaa Suruali

Mpaka leo watu wa Kakuma wakikutana na mimi njiani huniuliza suruali inaendeleaje. Hawaulizi hii niliyovaa. Wanauliza ile ya bluu, ndogo, ya kumtosha mtoto wa kutambaa, ambayo kwa muda fulani ilivaliwa na makaa.

Lakini suruali ilikuja baadaye. Kwanza kulikuwa na debe.

Mama mdogo wangu, ndiye aliyenilea tangu nikiwa binti mdogo, anauza makaa pale sokoni upande wa laga, ule mto wa mchanga usio na maji. Makaa yake ni ya etirae, ule mti wa miiba ambao maofisa wanauita mathenge na ambao mbuzi hawauiti kitu chochote kwa sababu midomo yao imejaa maganda yake. Anayanunua kwa gunia kutoka kwa kina mama wanaoyachoma ng'ambo ya laga. Gunia la makaa lina kichwa, yaani ile sehemu inayozidi mdomo wa gunia, iliyozungushiwa vijiti na kushonwa kwa kamba isimwagike. Kichwa kikiwa kirefu, bei nayo inasimama wima. Mama mdogo hadanganywi na kichwa. Analiinua gunia upande mmoja, analiachia, anasikiliza. Makaa mazuri yanalia kama vigae. Vumbi halilii, linakohoa.

Akishanunua kwa gunia anauza kwa debe, na kwa wasio na uwezo wa debe anauza kwa mkebe. Debe linajazwa, halafu juu yake panajengwa mlima wa vipande, na huo mlima ndio moyo wa biashara. Debe lenyewe ni bei. Mlima ni upendo. Nimeona watu wazima, wenye watoto na heshima zao, wakigombania kipande kimoja cha mlima kama wanagombania shamba.

Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja kutoka Kongo, anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi na kupika mandazi kando ya barabara ya kuingilia soko. Kila asubuhi alikuja kuchukua debe, na kila asubuhi alileta andazi la kwanza kutoka kwenye karai, limefungwa kwenye karatasi, la mama mdogo. Walikaa kidogo kwenye magunia, mmoja akisema Kiswahili cha Turkana na mwingine cha Kongo, wakisengenya watu ambao mimi nilikuwa nawaheshimu. Andazi la pili lilikuwa langu, kwa hiyo katika mambo haya yote msinihesabu kama shahidi asiye na upande.

Siku moja bodaboda ilirudi nyuma bila kuangalia na kulikanyaga debe. Mwenye pikipiki aliomba msamaha sana, akasema hata tairi lake limeumia. Mama mdogo alichukua jiwe akalinyoosha debe lake mwenyewe. Pembeni likanyooka vizuri. Chini, kwenye kitako, aligonga kutoka nje, kwa sababu nje ndiko jiwe linakofika bila kukwaruza mkono, na kitako kikaingia ndani kama tumbo la mtu aliyelala na njaa.

Yeye hakuliona kosa hilo. Alichoona ni kwamba debe limesimama tena.

Kesho yake mama mandazi alipofika, makaa yakamiminwa, mlima ukajengwa, na yeye akamwaga kwenye mfuko wake. Kisha, sijui ni malaika gani alimtuma, akaligeuza debe akaangalia chini. Katika soko lolote la makaa, debe lenye kitako kilichoingia ndani lina maana moja tu. Ni ujanja wa zamani, kila mnunuzi anaujua, na wauzaji wanaoutumia hawasalimiwi hata kwa ejok na mtu.

"Dada," akasema polepole, "hii debe iko na tumbo ndani."

Mama mdogo akaeleza habari ya bodaboda. Lakini habari ya bodaboda, ukiisema wakati mtu ameshika debe lako juu chini, haisikiki kama kweli. Mama mandazi akauliza kama bodaboda hiyo ilikanyaga pia macho yake asione. Mama mdogo akajibu kwamba mtu anayetoboa mandazi katikati ili unga upungue hawezi kumfundisha mwingine habari ya mashimo. Hapo nikajua tumefika pabaya. Mandazi yale hayakuwa hata na tundu.

Asubuhi iliyofuata hakuja. Andazi nalo halikuja. Makaa yalikaa, na mama mdogo akakaa juu yake kama kuku aliyeambiwa mayai yake ni mawe. Habari ilishapita kambini kwamba debe letu lina tumbo, na wateja wengine walianza kuliinamia na kulichungulia kabla hata ya kusalimia. Alisema hajali. Alisema hivyo mara nyingi sana kwa mtu asiyejali.

Wakati huo akanituma Lodwar kumpelekea bibi unga na mafuta. Nikiwa sokoni kule nikaona kitu kilichoniharibia akili. Wachuuzi wa samaki waliotoka Ferguson's Gulf, kule ziwani, walikuwa wakiuza kwa mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa mviringo kama saa. Samaki ananing'inizwa, mnunuzi na muuzaji wanainua vichwa pamoja na kutazama mshale, kama watu wawili wanaotazama ndege mmoja. Hakuna mlima. Hakuna tumbo. Hakuna aliyemwambia mwenzake habari ya mashimo.

Mimi shule yangu iliishia mapema, lakini ndoto zangu hazikuambiwa. Pale pale nikaona duka lenye rangi ya kijani, jina langu mlangoni, na mizani ishirini zikining'inia ndani kama popo. Nikaona mama mandazi akilia kwa furaha begani kwa mama mdogo. Nilikuwa na akiba ya kununua viatu. Nikaangalia vile nilivyovaa, nikaona bado vina soli, nikaenda kwa mzee anayeuza vyuma vikuukuu.

Alikuwa na mizani moja. Ilikuwa ya kupimia watoto, ile inayokuja na suruali ya kumtumbukiza mtoto miguu yake ikaning'inia. Nilimwomba aniuzie mizani bila suruali, ipungue bei. Akasema suruali ndiyo inayoifanya iwe mizani, bila suruali ni saa isiyojua wakati. Nikachukua zote mbili.

Mama mdogo alipoiona akauliza viatu viko wapi.

Nilimweleza kwa heshima. Kwa debe, nikasema, macho ndiyo yanayopima, na macho yana hasira zake. Vipande vikubwa vinasimama vikiacha nafasi, debe linajaa hewa. Ni kama mzigo wa kuni: ukifunga kuni zilizopinda unapata mzigo mnene, lakini ukiutazama kwenye jua unaona mpaka mlango wa jirani. Kwa kilo, hewa haina bei. Tukapima makaa ya madebe mazuri kadhaa, yaliyojazwa kwa debe la jirani lisilo na kasoro, tukaona debe moja lina uzito wa kilo tano na kidogo, tukaigawa ile bei ya zamani kwa kilo. Hatukuongeza kitu. Mama mdogo mwenyewe alisimamia hesabu, akinitazama mkono kama anatazama mkono wa mwizi.

Tukaining'iniza kwenye mhimili wa kibanda. Suruali nikaifunga miguu kwa kamba, makaa yasimwagike, nikarudisha mshale kwenye sifuri suruali ikiwa tupu, maana suruali nayo ina uzito wake na haifai mtu kuununua. Kisha nikaijaza makaa mpaka kiunoni. Ilining'inia pale, miguu imetanuka, ikizunguka taratibu kwa upepo, kama mzee mfupi mweusi asiye na kichwa anayetafuta mtu wa kugombana naye.

Mtu wa kwanza kuja hakutaka makaa. Alileta mtoto.

Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Kwetu, mizani ya namna ile ikining'inia mahali, kina mama hawaulizi. Wanapanga foleni. Kabla jua halijapanda kulikuwa na foleni kutoka kibandani kwetu mpaka kwa muuza sabuni, wakamwaga makaa ya suruali, wakafungua kamba za miguu, wakaingiza watoto mmoja mmoja. Nilisema hapa ni dukani. Wakasema sawa, soma. Nikasoma. Watoto walitoka na miguu myeusi, wakipiga kelele, na mama mmoja alinilaumu kwamba mtoto wake amepungua, kana kwamba nilimkata kipande. Tulipima watoto wengi. Makaa tuliyouza yangetosha kuchoma hindi moja.

Baadaye wateja wa makaa wakaanza kuja, na hapo likazuka jambo la pili. Makaa ya debe moja hayaingii kwenye suruali mara moja, yanaingia kwa awamu tatu. Watu waliona hivyo, wakaacha kutazama mshale. Wakaanza kusema nipe suruali mbili. Nipe suruali moja na mguu. Mzee mmoja alisisitiza tumpe suruali tatu zilizojaa mpaka kiunoni, na nilipomwonyesha kwamba kilo zake zimeshatimia kabla suruali ya tatu haijajaa, akasema hakuja kununua saa, amekuja kununua suruali. Kumbe nilitoa debe la bati nikaleta debe la kitambaa. Na makaa mazito ndiyo yaliyoniponza zaidi. Makaa mepesi ya vitawi, kilo yake ni rundo kubwa, mtu anafurahi. Makaa ya etirae iliyokomaa yanawaka muda mrefu, lakini kilo yake ni kidogo kwa macho, na mnunuzi anatazama mfuko wake kama mtu aliyeomba ng'ombe akapewa picha.

Hata hivyo sifa ya suruali ilivuka laga, ikafika kambini, na ikamleta mama mandazi.

Alikuja akijifanya anapita. Alisimama mbali, akasogea, akasogea tena, akaangalia yule mzee mfupi akizunguka. Niliona mdomo wake ukipigana na kicheko. Mama mdogo alikuwa akitazama pembeni kwa nguvu zake zote.

Nikamkaribisha. Nikasema, mama, hapa sasa hakuna debe, hakuna tumbo, njoo upimiwe kwa mshale. Akasema haya, nitolee kilo zangu. Moyo wangu uliruka mpaka Lokichoggio ukarudi. Nikajaza suruali. Mama mdogo naye akasimama, akafanya anachofanya kila siku tangu nimjue: akachukua maji kwenye kopo akayanyunyizia makaa.

Hapa lazima nieleze. Jirani yetu anauza shuka na leso, na upepo wa Kakuma hauna adabu. Makaa yakimiminwa makavu, vumbi lote linakwenda kwenye bidhaa zake. Kwa hiyo mama mdogo hunyunyizia maji kwanza, vumbi lilale. Ni ujirani tu. Alipokuwa akiuza kwa debe, maji hayakuongeza kipande hata kimoja, wala hakuna aliyewahi kuyaona. Lakini makaa yanakunywa maji kama ngamia. Na sasa tulikuwa tunauza kwa kilo.

Mama mandazi alichukua kipande, akakibonyeza, akaangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeusi na vilikuwa vimelowa.

"Dada, na maji nayo unanipimia?"

Nilitazama mshale. Ulikuwa umesogea. Kidogo, lakini hata mimi niliuona, na mimi ndiye niliyekuwa nataka usisogee kuliko mtu yeyote katika kaunti nzima. Mama mdogo alianza kusema habari ya jirani na shuka zake, lakini ilikuwa kama ile ya bodaboda, kweli iliyokuja imevaa nguo za uongo. Mama mandazi hakugombana. Afadhali angegombana. Alikirudisha kipande ndani ya suruali kwa upole, akasema, "Mbele ilikuwa debe, leo iko maji," akaenda zake.

Mama mdogo alikaa juu ya gunia. "Sasa mimi ni mwizi wa aina mbili," akasema. "Na zote sikujua."

Nikaishusha suruali. Ilikuwa haifai tena kuchekwa siku ile.

Zikapita siku. Tukasikia mama mandazi ananunua makaa kwa mtu anayeyaleta kwa pikipiki, magunia yenye vichwa virefu kama vilemba vya harusi.  Halafu asubuhi moja mama mdogo akanipa hela kwa kificho, ingawa tulikuwa wawili tu, akasema nikanunue mandazi. Nisiseme ni ya nani.

Nilikwenda. Mama mandazi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, akipepea kwa kipande cha boksi, machozi yakimtoka. Makaa yake yalikuwa mepesi, yakirusha cheche mpaka kwenye karai, halafu yanageuka majivu kabla mandazi hayajageuzwa. Alinifungia moja bila kuniuliza, kisha akanipa jingine juu, akasema hilo ni langu. Lile la kwanza alilifunga kwenye karatasi peke yake. Kwa hiyo alijua ni la nani.

Mama mdogo aliuma andazi. Lilikuwa limeungua nje na ndani ni unga mbichi. Akatafuna kwa muda mrefu. Nilidhani atafurahi, na nadhani alijaribu. Akasema, "Anapika na nini huyu? Majani?" Akaweka andazi chini, akajifuta mikono, akachukua lile debe lenye tumbo, akachukua na jiwe lake.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa mtu."

Nikachukua mfuko wa makaa, makavu, hayajaona tone, nikamfuata. Watu walitupisha njia. Mwanamke mwenye jiwe mkononi anapishwa popote.

Tulifika. Mama mandazi alisimama, akatazama jiwe, akatazama debe. Mama mdogo hakusalimia. Aliligeuza debe mdomo ukawa juu, akaliweka mbele yake, akamnyooshea jiwe.

"Gonga wewe," akasema. "Kutoka ndani. Gonga mpaka uridhike."

Mama mandazi alilitazama jiwe kama mtu anayepewa mtoto wa mwingine. Kisha akalichukua, akaingiza mkono ndani ya debe mpaka kwapani, akagonga. Kitako kikalia, kikatoka kidogo. Akagonga tena. Akagonga pigo la bodaboda, akagonga na la maji, na moja nadhani lilikuwa la yale mandazi yenye tundu. Alipotoa mkono, kitako kilikuwa kimetokeza nje kama shavu la mtu anayekula.

Mama mdogo akaligeuza, akachungulia. "Sasa ni mimi unaniibia," akasema. "Hii debe iko na mimba." Akachukua jiwe, akagonga kutoka nje mara moja.

"Umeingiza sana, dada."

"Haya, toa."

Akatoa kidogo. Mwenzake akaingiza kidogo. Nimeshuhudia watu wakipatana bei kwa maneno, kwa vidole, kwa kuondoka na kuitwa tena, lakini sijawahi kuona wanaopatana kwa kugonga. Watu walisimama kutazama. Mandazi yaliungua kwenye karai na hakuna aliyeyajali. Wakati fulani mama mandazi aligonga, debe likatoa sauti kama ya mbuzi, na wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka jiwe likawadondoka.

Walipotulia, mama mdogo alilisogeza debe mbele. Akalinyooshea jiwe kidole. "Nani anagonga?"

Mama mandazi alipapasa kitako, akafikiri. "Mie nimetosheka. Gonga wewe."

"Mimi pia."

Jiwe likabaki chini, katikati yao, halina mtu wa kulichukua.

Pale pale wakaanza kupima. Mama mandazi akasema atajaza mwenyewe, na mama mdogo akakubali, ila akaweka sharti kwamba atakayekata juu ni yeye. Basi mama mandazi akapanga makaa ndani ya debe kipande kwa kipande, vidogo akivisukuma kwenye nafasi za vikubwa, kama fundi anayejenga nyumba ya mkwe. Mama mdogo alingoja mpaka mwisho, kisha akapitisha fimbo juu ya mdomo, kila kilichozidi kikaanguka kwenye mfuko wetu. Wakatazamana. Mama mdogo akaokota kipande kimoja kati ya vilivyoanguka, kipande kikubwa cha etirae, akakiweka juu katikati. Hakuulizwa.

Nikasema niende mbio nilete mizani, tuone ni kilo ngapi. Wakanitazama wote wawili kwa macho yale yale, yaliyokuwa yamekosana juzi.

"Binti yangu," mama mandazi akasema, "acha hiyo suruali ipumzike."

Hivyo ndivyo makaa yanavyouzwa mpaka sasa kibandani kwetu. Mnunuzi anajaza, muuzaji anakata, na kipande cha mwisho kinatoka mkononi mwa muuzaji. Wateja wamerudi. Hawagombani sana, kwa sababu ukijaza mwenyewe ukaacha hewa, utamlaumu nani? Maji bado yananyunyiziwa kwa ajili ya shuka za jirani, mbele ya mnunuzi, na hakuna anayebonyeza kipande. Debe lenyewe, tangu siku ile, halisimami sawa. Kitako chake kina vilima na mabonde, ukiliweka chini linayumba kama mtu anayetoka harusini, na mnunuzi anajaza kwa mkono mmoja huku mama mdogo amelishikilia upande wa pili lisianguke. Nilishamwambia tununue jipya. Alisema jipya halijagongwa na mtu.

Mizani iko kwenye mhimili bado. Kina mama wanaleta watoto, nawapimia bila malipo, miguu ya watoto haichafuki tena. Duka la kijani nimeliahirisha kidogo. Na kila asubuhi andazi linakuja limefungwa kwenye karatasi, limeiva mpaka ndani, na la pili ni langu.